Mstari wa tatu, mkono uliorefushwa au pembetatu: njia tatu za kutafuta pembe kwenye mchoro wa mkono

Chukua penseli na karatasi, uchore mistari miwili ya mlalo, mmoja juu na mwingine chini yake, ukiacha nafasi ya vidole vinne kati yao. Wa juu uuite AB, herufi A ikiwa kushoto na B kulia. Wa chini uuite CD, C kushoto na D kulia. Kati ya mistari hiyo, upande wa kushoto wa B na D, weka nukta E, kisha uunganishe B na E, halafu E na D. Umbo litakalotokea linafanana na mkono uliokunjwa, kiwiko chake kikielekea kushoto. Kwenye B, kati ya BA na BE, chora tao dogo uandike 35°. Kwenye D, kati ya DC na DE, chora tao jingine uandike 48°. Kwenye E, upande wa ndani wa kiwiko, chora tao la tatu uandike herufi x. Mwisho, tia mshale mmoja mdogo juu ya AB na mwingine juu ya CD ili kuonyesha kwamba mistari hiyo ni sambamba.

Mbele ya swali hili wanafunzi hushika njia moja kati ya tatu. Wapo wanaochora mstari wa tatu sambamba kupita E, wapo wanaorefusha BE mpaka ugonge mstari wa chini, na wapo wanaounganisha B na D ili wapate pembetatu. Njia zote tatu ni sahihi na zote zinatoa jibu moja. Tofauti yao huonekana katika makosa ambayo kila moja inamwalika mwanafunzi ayafanye, na katika michoro ambayo kila moja inashindwa kuifungua.

Kabla ya kuchagua njia, mchoro wenyewe lazima usomwe, nami naamini makosa mengi zaidi huzaliwa hapa kuliko katika kujumlisha na kutoa. Mchoro wa mkono huaminiwa kwa mahali, wala hauaminiwi kwa ukubwa. Mchoro unaposema kwamba E iko kati ya mistari miwili, kwamba iko kushoto ya B, na kwamba tao la x liko ndani ya kiwiko, hayo yote ni taarifa na tunayachukua yalivyo. Lakini pembe ikionekana kama pembe mraba, au mikono miwili ikionekana kuwa na urefu sawa, hiyo si taarifa hata kidogo mpaka iwepo alama inayosema hivyo: kimraba kidogo kwenye kona kwa pembe mraba, vistari vinavyokata pande kwa pande zilizo sawa, mishale kwa mistari sambamba. Mchoro wetu ni mfano mzuri wa mtego huo, kwa sababu ukichorwa haraka ubaoni, pembe ya E huonekana kana kwamba ni nyuzi 90 kamili, na kila mwaka hutokea mwanafunzi anayeandika 90 bila kufanya hesabu yoyote. Mwenzake aliyechukua kipimapembe akapima huwa amefanya kosa hilohilo kwa uangalifu zaidi, kwa sababu amepima mkono wa aliyechora na kuliacha swali lenyewe bila kuligusa.

Jambo la pili la kusoma ni tao lenyewe. Namba iliyoandikwa kwa mkono mara nyingi huangukia mahali pasipo pake, hasa pembe inapokuwa nyembamba na namba kukosa nafasi ndani yake. Kwa hiyo usisome namba kwanza. Fuata tao kwa ncha ya kalamu kutoka mkono mmoja wa pembe hadi mwingine, kisha useme pembe hiyo kwa herufi tatu. Ukisema "pembe ABE ni nyuzi 35" umejifunga kwa BA na BE, wala huwezi tena kuichanganya na pembe iliyo upande wa pili wa BE. Niliwahi kusahihisha daftari ambalo kila hatua ilikuwa safi, lakini jibu lilikuwa nyuzi 193. Mwanafunzi alikuwa amesoma 35 kama pembe iliyo kulia ya BE, kati ya BE na mwendelezo wa mstari wa AB, hivyo akaichukua ABE kuwa nyuzi 145, akajumlisha 145 na 48. Ishara ya kosa ilikuwa wazi: tao la x lilikaa ndani ya kiwiko, na pembe iliyo ndani ya kiwiko haiwezi kuzidi nyuzi 180.

Sasa tuzijaribu njia zenyewe, tukianza na ile ninayoipendelea. Kutoka E, chora mstari EF unaoelekea kulia, ndani ya kiwiko, ukiwa sambamba na AB. Kwa kuwa AB na CD ni sambamba, EF ni sambamba na CD pia. Mstari huu unaigawa x katika vipande viwili, cha juu na cha chini. Kipande cha juu, pembe FEB, ni pembe mbadala ya ABE: BE inakata mistari miwili sambamba, na pembe hizo mbili zimekaa pande tofauti za BE kwa namna ambayo watoto huitambua kwa umbo la herufi Z. Pembe mbadala ni sawa, kwa hiyo FEB ni nyuzi 35. Kwa sababu hiyohiyo, kipande cha chini, FED, ni sawa na CDE, yaani nyuzi 48. Kazi nzima huandikwa hivi, kila mstari na sababu yake:

FEB = ABE = 35° (pembe mbadala, EF na AB ni sambamba)
FED = CDE = 48° (pembe mbadala, EF na CD ni sambamba)
x = FEB + FED = 35° + 48° = 83°

Uzuri wa njia hii ni kwamba inavumilia makosa. Mwanafunzi akielekeza mstari wake kushoto, nje ya kiwiko, haugawi x tena, bali unaigawa pembe kubwa ya nje inayozunguka E. Hapo atatumia pembe za ndani zilizo upande mmoja, ambazo jumla yake ni nyuzi 180, apate 145 juu na 132 chini, jumla 277. Namba hiyo kubwa itamshtua, na hilo ni jema, kwa sababu atakumbuka kwamba pembe zote zinazoizunguka nukta moja hufanya nyuzi 360, atoe 277, na 83 ile ile irudi. Amezunguka njia ndefu, lakini amefika.

Njia ya pili ni ya kurefusha. Endeleza BE kupita E, ukishuka kushoto, mpaka ukutane na mstari wa CD kwenye nukta mpya G, ambayo itakuwa kushoto ya D. Ikibidi, urefushe na CD yenyewe upande wa C. Pembe iliyo kwenye G, kati ya GD na GE, ni pembe mbadala ya ABE, hivyo ni nyuzi 35. Pembetatu GED sasa ina nyuzi 35 kwenye G na nyuzi 48 kwenye D, na x ni pembe yake ya nje kwenye E. Pembe ya nje ya pembetatu ni sawa na jumla ya pembe mbili za ndani zisizopakana nayo, kwa hiyo x ni 35 + 48, yaani 83.

Kwa anayeikumbuka kanuni ya pembe ya nje, hii ndiyo njia fupi kuliko zote. Kwa asiyeikumbuka, ndiyo yenye mtego mbaya zaidi, kwa sababu atatafuta pembe ya tatu ya pembetatu, 180 − 35 − 48 = 97, aone kwamba pembe hiyo iko kwenye E, aandike x = 97 na kufunga daftari. Nyuzi 97 kweli ziko kwenye E, lakini ziko upande wa kushoto, ndani ya pembetatu, ilhali tao la x limefunguka kulia. Bado hatua moja: BEG ni mstari mnyoofu, kwa hiyo x = 180 − 97 = 83. Ukiona jibu la mwanafunzi ni 97 hakuna haja ya kusoma kazi yake yote, kwa kuwa tayari unajua ni njia gani aliyoitumia na alisimama wapi.

Udhaifu mwingine wa kurefusha ni wa karatasi yenyewe. E ikiwa sentimita 2 juu ya CD na pembe ya B ikiwa nyuzi 35, G itaangukia karibu sentimita 2.9 kushoto ya E, na hapo hakuna tatizo. Lakini pembe hiyo ikiwa nyuzi 10, G itakwenda zaidi ya sentimita 11 kushoto, pengine nje ya daftari. Hesabu haibadiliki, lakini mtu hulazimika kufikiria pembetatu asiyoiona, na pembetatu isiyoonekana ni rahisi kukosewa.

Njia ya tatu huunganisha B na D. Hapa hatujui pembe ABD wala CDB, na wanafunzi wengi hukata tamaa papo hapo wakidhani taarifa haitoshi. Lakini tunajua kwamba ABD na CDB ni pembe za ndani zilizo upande mmoja wa BD, kwa hiyo jumla yake ni 180. Tuiite ABD kwa herufi p. Basi CDB ni 180 − p. Ndani ya pembetatu BED, pembe ya B ni p − 35 na pembe ya D ni 180 − p − 48, yaani 132 − p. Ukizijumlisha, p inajifuta na zinabaki nyuzi 97. Pembe ya tatu, x, ni 180 − 97 = 83.

Kwa mchoro wetu, njia hii ni ndefu bila faida, nami simshauri mtu kuanza nayo. Pia ina kosa la kipekee ambalo halijionyeshi: BD ikionekana kama imesimama wima, mwanafunzi huchukua kwamba ABD ni nyuzi 90 na CDB pia ni 90, apate 55 na 42, jumla 97, kisha x = 83. Jibu ni sahihi na sababu si sahihi. Kwa kuwa p inajifuta, thamani yoyote ambayo angeibuni ingemfikisha palepale, na hivyo hakuna namba itakayomwonya. Msahihishaji anayedai sababu atamnyima alama, na mwenye kosa ataona ameonewa.

Ikumbukwe kwamba njia mbili za kwanza hazikuanza kugombana leo. Euklidi wa Aleksandria, mnamo mwaka 300 kabla ya Kristo, alipothibitisha kwamba pembe tatu za pembetatu hufanya pembe mraba mbili, katika hoja ya 32 ya kitabu chake cha kwanza, alifanya yote mawili kwa pamoja: alirefusha upande mmoja, kisha kutoka kwenye kona hiyo akachora mstari sambamba na upande mwingine. Kwa hiyo anayerefusha BE hapa anatumia matokeo ya mstari sambamba yaliyokwisha kufungashwa ndani ya kanuni ya pembe ya nje, na anayechora EF anaifungua kanuni hiyo upya. Ndiyo maana njia zote mbili huishia kwenye kujumlisha 35 na 48.

Sasa tugeuze mchoro, maana hapo ndipo uchaguzi unapoanza kuwa na uzito. Mistari ya sambamba ibaki, lakini njia itokayo B ijikunje mara mbili kabla ya kufika chini: kutoka B ishuke kushoto hadi E, kutoka E ishuke kulia hadi F, kisha kutoka F ishuke kushoto hadi D. Safari hii D iwe mwisho wa kushoto wa mstari wa chini na C iwe kulia kwake. Alama zilizopo ni ABE = 30°, BEF = 70° na CDF = 25°, na kinachotafutwa ni pembe EFD, ambayo inafunguka kushoto.

Kwa mstari wa tatu, chora mmoja sambamba kupita E ukielekea kulia, na mwingine kupita F ukielekea kushoto. Kwenye E, kipande cha juu ni nyuzi 30 kwa pembe mbadala, kwa hiyo cha chini ni 70 − 30 = 40. Kipande hicho cha nyuzi 40 ni mbadala wa kipande cha juu kwenye F. Kipande cha chini kwenye F ni mbadala wa CDF, yaani nyuzi 25. Kwa hiyo EFD = 40 + 25 = 65. Kila kiwiko kimepata mstari wake, na ukiongeza kiwiko cha tatu au cha nne, kazi inarefuka lakini haibadiliki tabia. Na kuna namna ya kuhakiki isiyohitaji kuchora kitu: katika njia inayojikunja zamu kwa zamu hivi, jumla ya pembe zinazofunguka kushoto ni sawa na jumla ya zinazofunguka kulia. Kushoto tuna 30 na 65, ambazo ni 95; kulia tuna 70 na 25, nazo ni 95.

Jaribu kurefusha kwenye mchoro huohuo. BE ikishuka mpaka G kwenye mstari wa chini, na G ikiwa kushoto ya D, umbo linalopatikana ni la pande nne, GEFD. Pembe zake za ndani ni 30 kwenye G, 110 kwenye E kwa kuwa 180 − 70, 155 kwenye D kwa kuwa 180 − 25, na ile tunayoitafuta kwenye F. Jumla ni 360, kwa hiyo F ni 360 − 295 = 65. Inakubali, lakini tazama gharama yake: pembe mbili kati ya nne zimebidi zigeuzwe kwanza, na kila kugeuza ni nafasi ya kusahau. Zaidi ya hayo, mchoraji akiiweka D kushoto zaidi ya G, mkono FD utaukata mstari uliorefushwa, umbo la pande nne litajifunga kama tai ya shingoni, na hesabu ya 360 haitafaa tena kwa umbo hilo. Jibu bado ni 65, kwa sababu kuiteleza D juu ya mstari wa chini hakubadilishi pembe yoyote kati ya zilizotolewa, lakini njia imevunjika kwa jambo ambalo halikuwamo kwenye swali. Njia ya mstari wa tatu haijali D iko wapi. Kwa mchoro wenye viwiko zaidi ya kimoja, basi, sioni sababu ya kuichagua nyingine.

Usiseme lakini kwamba njia ya tatu haina siku yake. Rudi kwenye kiwiko kimoja cha mwanzo, B na D wote kulia, lakini alama ziwe nyingine. BD imeshachorwa na mtunga swali. Kwenye B, tao la ABE limeandikwa 40°. Kwenye D hakuna namba kati ya DC na DE. Kilichopo ni tao kubwa kutoka DC hadi DB, likiruka DE, nalo limeandikwa 85°. Na juu ya EB na ED kuna kistari kimojakimoja, yaani pande hizo ni sawa. Hapa kusoma tao kwa ncha ya kalamu kunalipa, maana anayesoma haraka ataiweka 85 kwenye CDE, ajumlishe na 40, na kuandika 125.

Mstari wa tatu kupita E unakupa kipande cha juu, nyuzi 40, kisha unakwama, kwa sababu CDE haijulikani. Kurefusha nako kunakwama mahali hapohapo. Pembetatu BED ndiyo yenye mlango, kwa kuwa vistari viko kwenye pande zake. ABD ni 180 − 85 = 95, kwa pembe za ndani za upande mmoja. EBD ni 95 − 40 = 55. Kwa kuwa EB na ED ni sawa, pembe zinazozitazama pande hizo ni sawa pia, hivyo EDB ni 55. Basi x = 180 − 110 = 70. Ili kuhakiki, CDE ni 85 − 55 = 30, na njia ya mstari wa tatu, ambayo sasa inaweza kutumika, inatoa 40 + 30 = 70.

Kwa hiyo kinachoamua ni mahali zilipo alama. Namba zikiwa kwenye pembe zinazogusa mistari sambamba, chora mstari wa tatu, na ikiwa kiwiko ni kimoja na karatasi inatosha, kurefusha kunaweza kukuokolea mstari mmoja wa maandishi. Vistari vya usawa vikiwa kwenye pande, ingia kwenye pembetatu inayozibeba pande hizo.

Na katika mchoro huu wa mwisho, ile BD inayoonekana wima si mzaha tena. Kwa kuiita ABD p kama mwanzo, EBD ni p − 40, EDB ni vilevile, na x = 260 − 2p. Safari hii p haijifuti. Anayeacha kusoma tao la 85 na kuichukua BD kuwa wima ataweka p = 90 na kupata 80 badala ya 70: kosa la nyuzi 5 kwenye D limekuwa kosa la nyuzi 10 kwenye E.